Jinsi ya Kuandika Hotuba ya Kumuaga Karani Aliyefanya Kazi Miaka 30 bila Kelele

Hotuba ya kumuaga mkurugenzi haimsumbui mwandishi, kwa kuwa mambo ya kusimulia yamejaa tele: tawi alilolifungua, mkataba alioutia saini, picha aliyopigwa akiwa na waziri. Anayesumbua ni yule aliyekaa kwenye meza moja kwa miaka 30 na kupanda ngazi moja au mbili, ambaye kila mtu ofisini anajua kwamba pasipo yeye mambo yangekwenda mrama, lakini ukiwauliza yangekwendaje mrama, hawana jibu la haraka. Mwaka 2024 wenzangu waliniomba nizungumze kwa niaba yao katika hafla ya kumuaga mama wa namna hiyo, ambaye tangu 1994 alikuwa karani wa hati katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Nitaeleza hatua nilizozifuata huku nikimtumia yeye kuwa mfano tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu sijui njia ya kufundisha hotuba ya aina hii kwa maelezo ya jumla.

Hatua ya kwanza: liweke faili kando

Watu wengi huanza kwa kwenda kwa afisa wa wafanyakazi kuomba faili la mstaafu, nami nilifanya hivyo mara ya kwanza nilipopewa kazi kama hii, miaka kadhaa kabla. Nilipata tarehe ya kuajiriwa, tarehe za kupandishwa cheo, barua mbili za pongezi na orodha ya mafunzo, nikavipanga kwa mfuatano wa miaka na kuvisoma kwa dakika 14. Nilipokuwa nikikaribia kumaliza, mzee mmoja aliyechelewa kufika na kuketi nyuma, karibu na mlango wa jikoni, alimwuliza jirani yake, kwa sauti iliyosikika meza tatu mbele, kama maiti imeshatoka hospitali. Simlaumu. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akapandishwa cheo: huo ndio mpangilio wa wasifu wa marehemu, na masikio ya watu wetu yameuzoea mazikoni.

Faili lina kasoro nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Huandikwa humo yale ambayo mwajiri alimtendea mfanyakazi, yaani barua, mishahara, likizo na maonyo, lakini halisemi mfanyakazi huyo aliwaachia nini wenzake. Kwa hivyo chukua humo mambo mawili pekee, ambayo ni mwaka wa kuanza kazi na jina kamili la cheo cha mwisho jinsi linavyoandikwa rasmi, kisha ulirudishe mahali pake.

Hatua ya pili: fuata nyayo zake kwa watu wengine

Athari ya mtu mkimya ni vigumu kuiona kwake mwenyewe, maana yeye anafanya kazi yake na kwenda zake nyumbani. Utaiona katika mikono ya wengine, katika mambo wanayoyafanya bila kujua waliyatoa wapi. Jipe wiki tatu kabla ya hafla, uzungumze na watu wasiozidi sita, kila mmoja peke yake na kwa muda wa robo saa hivi. Usiwaite pamoja, kwa sababu watu wakikaa kikundi hujibizana sifa, na anayesema jambo la kipekee hunyamaza asionekane anajipendekeza. Mimi nilizungumza na karani mpya kuliko wote, karani aliyemfundisha, keshia, dereva, mteja wa miaka mingi, na mtu aliyewahi kuwa tarishi wetu ambaye sasa ana leseni na ofisi yake mwenyewe ya uwakala.

Niliwauliza maswali matatu. La kwanza: kuna jambo gani unalolifanya kazini kila siku ambalo hukuamriwa na mkubwa wala hukulisoma popote? La pili: ni kosa gani unalolikumbuka ambalo lilikaribia kutokea lakini halikutokea, na ni nani aliyelizuia? La tatu: mama huyu akiwa likizoni, ni jambo gani linalokukwama? Utaona kwamba maswali mawili ya mwanzo hayamtaji kabisa, na hiyo ni makusudi. Jina lake likijitokeza lenyewe, umepata jambo la kushika. Ukiuliza moja kwa moja, «Unamwonaje mama?», utajibiwa kwamba ni mtu mzuri sana, mcha Mungu, hana makuu, na maneno hayo yatamfaa hata mlinzi wa jengo la jirani ambaye hawamjui.

Karani mpya, kijana aliyekuwa na miezi minane ofisini, alilijibu swali la kwanza kwa maneno mawili: «Sisi husomeana.» Nilimwomba anionyeshe. Kabla ya entri kuwasilishwa, na entri ndilo jina letu la kila siku la tamko la forodha, karani mmoja hushika hati ya shehena iliyotolewa na wakala wa meli, na mwenzake hushika karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo. Wa kwanza husoma kwa sauti, tarakimu mojamoja, na wa pili hufuatisha kwa kidole: namba ya kontena, namba ya lakiri inayofunga mlango wake, uzito, idadi ya vifurushi. Wakimaliza hubadilishana karatasi na kuisoma tena namba ya lakiri peke yake. Nilimwuliza ni nani aliyeweka utaratibu huo, akasema ni kanuni ya ofisi. Nikaupekua mwongozo wa ofisi kurasa zote nisiione. Karani aliyemfundisha alisema yeye naye alifundishwa na mwenzetu aliyeondoka 2016, na huyo, nilipompigia simu, alicheka kwanza. «Hiyo si kanuni,» akaniambia, «hiyo ni mama.»

Hapo ndipo nilipojua nina hotuba. Kisa kinachofaa kwa kazi hii kina sehemu tatu: tendo dogo ambalo msikilizaji anaweza kuliona akilini, mtu anayelifanya leo, na njia ambayo tendo hilo lilipitia kutoka kwa mstaafu hadi kwa mtu huyo. Ukiwa na tendo lisilo na mwigaji, una mazoea ya mtu binafsi. Ukiwa na mwigaji lakini hujui njia, unakisia, na daima kutakuwa na mtu ukumbini anayejua ukweli.

Usiishie kwenye tendo kabla hujaelewa sababu yake, kwa kuwa sababu ndiyo inayoonyesha akili ya mwenye kulitenda. Nilitaka kujua kwa nini lakiri husomwa mara mbili. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizoitangulia, kwa hivyo mfumo unaoikagua unaweza kushtuka iwapo mbili zimegeuzwa. Lakiri haina kinga hiyo; ukiikosea, kompyuta itaipokea kama ulivyoipiga. Kisha kontena ikifika kwenye ukaguzi na lakiri isiyolingana na hati, mtu wa kwanza kuiona atafikiri imefunguliwa njiani. Itawekwa kando kungoja ukaguzi, na siku za kuhifadhiwa bandarini bila malipo zitakwisha huku mwenye mzigo akipiga simu kila baada ya saa moja.

Mfumo wa Simba wa forodha ulipoanza kutumika 2005, makarani vijana waliona kusomeana ni mambo ya wakati wa taipureta, wakaacha. Mama hakugombana nao. Aliendelea kusoma peke yake kwa sauti ya chini, hati ya shehena mkono wa kushoto, na juu ya karatasi ya pili ameweka rula ya plastiki ambayo alikuwa akiishusha mstari baada ya mstari. Siku moja mwaka huohuo rula ilisimama. Entri ya mwenzake ilikuwa na nane-tano pale ambapo hati ya shehena ilikuwa na tano-nane, nayo ilikuwa haijawasilishwa bado. Alimwita aliyeiandika, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu bila kusema neno, akarudi kwenye kazi zake. Kesho yake vijana wawili walivuta viti na kuanza kusomeana tena, na hakuna aliyewaamuru.

Wayo wa pili niliupata kwa mteja, mfanyabiashara wa vipuri vya magari, ambaye alisema ofisi yetu humpigia simu asubuhi kukiwa na tatizo, ilhali mawakala wengine aliowahi kufanya nao kazi humwambia jioni. Dereva na keshia walinieleza chanzo. Ilikuwa desturi ya mama kwamba habari mbaya imfikie mteja kabla ya Adhuhuri, maana akiambiwa mapema bado anaweza kuwahi benki au kutafuta karatasi inayokosekana siku hiyohiyo, na akiambiwa saa kumi jioni amepoteza siku nzima. Keshia anaifuata desturi hiyo, na yule tarishi wa zamani anaifuata katika ofisi yake mwenyewe.

Katika mazungumzo haya watu hawakumbuki miaka, nawe usiwalazimishe. Wakumbushe kwa matukio: je, ilikuwa kabla ya mvua za El Nino za 1997, au baada? Simba ulikuwa umeanza? Treni ya SGR, iliyozinduliwa 2017, ilikuwa ipo? Dereva wetu hakujua kabisa mama aliajiriwa lini, lakini alijua kwamba ni mwaka ule wa msiba wa feri ya Mtongwe, miezi michache baadaye, na hapo faili na kumbukumbu yake zikakubaliana kwenye 1994.

Hatua ya tatu: hakikisha, na uwe tayari kupokonywa kisa chako

Kila kisa kithibitishwe na watu wawili ambao hawakukaa pamoja kukizungumza. Kisa kikuu kithibitishwe na mwenyewe, jambo ambalo linahitaji ujanja kidogo ikiwa hutaki ajue utasema nini. Nilimwendea mezani kwake, nikamwambia tunataka kuuandika utaratibu wa kusomeana kwenye mwongozo wa ofisi, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa sababu nilikuwa nimeshaamua tufanye hivyo, nikamwuliza aliwazaje mpaka akauanzisha.

«Mimi? La, mwanangu,» akasema. «Niliukuta kwa mzee aliyekuwa hapa kabla yangu. Macho yake yalikuwa yameanza kumtoka, ndiyo maana akanitaka nimsomee.»

Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa nimenyong'onyea, kwa kuwa rasimu yangu ilikuwa imejengwa yote juu ya neno «alianzisha». Kama ningelikuwa sikumwuliza, ningesimama mbele ya watu zaidi ya sitini na kumpa sifa isiyo yake, naye angeinamisha kichwa kwa aibu huku wote wakidhani ni unyenyekevu. Lakini kadiri nilivyoendelea kufikiri ndivyo nilivyoona kwamba ukweli ulikuwa na uzito kuliko rasimu. Mzee yule alisomewa kwa sababu ya macho yake. Alipoondoka, sababu iliondoka naye, na mtu yeyote angeacha. Mama aliendelea kwa sababu alikuwa ameona faida ambayo mzee mwenyewe hakuikusudia, akaongeza lile la kurudia lakiri, na kwa hayo mazoea ya mtu mmoja mwenye macho mabovu yakawa kinga ya ofisi nzima. Nililifuta neno «alianzisha», nikaandika «alikataa kuuacha».

Ukiulizia utakuta jambo kama hili mara nyingi kwa watu wa kazi ndogo, kwani wengi wao hawabuni. Wanahifadhi, wanarekebisha, kisha wanapokeza. Usiwalazimishe kuwa wabunifu ili wapate kusifiwa.

Hatua ya nne: pima muda kabla ya kuandika

Dakika saba zinatosha, na mimi nisomapo kwa mwendo wa hafla husoma maneno yapatayo 90 kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu na watu wanataka nafasi ya kucheka. Hiyo ni kama maneno 600, na humo hamna nafasi ya visa zaidi ya viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Nilikuwa na visa vitano. Niliviacha vitatu, kikiwamo kimoja nilichokipenda sana cha siku maji ya mvua yalipoingia stoo ya hati, kwa sababu kilikuwa kizuri lakini hakikuwa na mtu anayefanya leo lile alilolifanya yeye siku ile.

Hatua ya tano: andika, na uzichunge nyakati za vitenzi

Baada ya salamu na kutambua itifaki, ambayo mfawidhi huwa ameshaitambua na huna haja ya kuirudia kwa zaidi ya sentensi moja, anza na tendo jinsi linavyofanyika sasa au litakavyofanyika kesho. Mwanzo wangu ulikuwa huu:

«Jumatatu, saa tatu asubuhi, kijana mwenye miezi minane katika ofisi yetu atashika hati ya shehena, mwenzake atashika entri, na wataanza kusomeana. Wao wanadhani wanafuata kanuni ya ofisi. Nimeitafuta kanuni hiyo na haipo. Wanaifuata sauti ya mtu, na mtu huyo ameketi pale, karibu na dirisha, akitamani ninyamaze.»

Watu walicheka mwishoni, naye pia, na muhimu ni kwamba hotuba ilianza na kitenzi cha wakati ujao. Hii ndiyo dawa ya ugonjwa wa wasifu wa marehemu niliouelezea hapo juu. Ukisema «alikuwa mwangalifu, alikuwa akitupenda, alikuwa nguzo yetu», umemzika. Zigawe nyakati hivi: mazoea ya watu wa leo yaseme kwa «hu-», tukio la siku moja lisimulie kwa «-li-» na «-ka-», na yanayomhusu mstaafu mwenyewe yaseme kwa «-na-» au «-me-» kila inapowezekana, kwa kuwa yupo, anakusikiliza, na Jumatatu atakuwa nyumbani kwake akinywa chai. Tukio la siku moja lizungukwe na mazoea pande zote mbili. Katika hotuba yangu mpangilio ulikuwa: husomeana, kisha siku ya rula, kisha husomeana mpaka leo, na macho ya mzee wa kwanza nikayatia katikati ili msikilizaji apate kujua kitu kilitoka wapi.

Sehemu ya rula niliiandika hivi, baada ya kuipunguza mara tatu:

«Mwaka 2005 kompyuta zilikuja na baadhi yetu tukaacha kusomeana. Nasema tukaacha, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mama hakutukataza. Alisoma peke yake, na rula yake. Siku moja rula ikasimama. Hati ilisema tano-nane, entri ilisema nane-tano, na entri ile ilikuwa yangu. Alinionyesha kwa kalamu, akaenda zake. Sijawahi kukaripiwa vibaya kuliko siku ile, na hakusema neno.»

Ndiyo, aliyeitwa alikuwa mimi. Nililificha hilo hapo juu kama nilivyokuwa nimelificha katika rasimu ya kwanza, ambamo niliandika «karani mmoja». Keshia aliyenisomea rasimu aliniuliza kwa nini namwonea haya mtu ambaye si mwingine ila mimi mwenyewe. Ikiwa wewe ni miongoni mwa waliosaidiwa, jitaje, maana hakuna ushahidi ulio karibu kuliko huo, nawe huhitaji ruhusa ya mtu kuutoa.

Kuna neno moja unalopaswa kulisaka katika rasimu yako na kuling'oa kila unapolikuta, nalo ni «tu». «Ingawa alikuwa karani tu.» «Kwa kalamu na rula tu.» Mwandishi huliweka kwa nia njema, akitaka kuonyesha kwamba cheo kidogo hakikumzuia, lakini masikioni mwa watoto wa mstaafu waliokaa meza ya mbele linasema kwamba mama yao alikuwa mdogo miaka yote hiyo. Cheo kitaje mara moja, kwa jina lake kamili, bila neno la kukikuza wala la kukipunguza. Mimi nilisema: «Anastaafu akiwa karani mwandamizi wa hati,» nikaendelea.

Methali nayo itumie kwa uangalifu. Katika hafla hiyohiyo wasemaji wawili walionitangulia walikuwa wameshasema haba na haba hujaza kibaba, na ukumbi ukawamalizia kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Wengine hupenda kumsifu mtu mkimya kwa kusema kimya kingi kina mshindo mkuu, ambayo kwa kawaida huonya kwamba aliyenyamaza ana jambo analolipanga, na si sifa ya kumpa mtu anayeondoka. Ikiwa lazima pawe na maneno ya hekima, yaandikeni kwenye leso mtakayompa, na aachiwe mtu anayezijua leso achague jina lake. Sisi tuliwaachia kina mama wa ofisi, nao hawakutaka ushauri wa mwanamume yeyote.

Mwisho uwe mfupi, na uelekezwe kwake badala ya kuelekezwa kwa ukumbi. Usimpe nasaha za kustaafu, kwa sababu anayajua maisha kuliko wewe. Nilimalizia hivi: «Mama, mezani kwako atakaa mtu mwingine. Tunakuomba kitu kimoja: ile rula, utuachie.»

Hatua ya sita: mambo ya kuyaacha nje

Fedha zisitajwe kabisa, iwe ni kiinua mgongo, pensheni au mkopo wa chama cha akiba na mikopo, hata kwa mzaha, kwa sababu ukumbini wamo ndugu, na kesho yake wataanza kumfuata. Afya yake pia iache, na jina la atakayechukua nafasi yake lisitajwe, maana jioni ile si yake.

Gumu zaidi ni swali la kwa nini hakupandishwa cheo. Wapo watakaotaka uwasute wakubwa, na wapo watakaotaka useme kwamba yeye mwenyewe hakupenda makuu. Yote mawili ni mtego. Kama humjui mtu vya kutosha kusema hakutaka cheo, usiseme, kwa kuwa huenda alikitaka na akanyimwa, na maneno yako yatakuwa yanamfungia mlango mara ya pili mbele ya watu. Eleza alilolifanya kwa ukamilifu, taja cheo chake kilivyo, na ukimya uliopo kati ya viwili hivyo wenye kuhusika watausikia. Mkubwa wetu mmoja alinijia baadaye karibu na meza ya kaimati, akaniambia kwamba hakuwa akijua habari ya lakiri. Sikumjibu lolote.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Hafla zetu nyingi huwa baada ya Alasiri, na watu wa Likoni huanza kutazama saa mapema wakiuwazia msongamano wa feri, huku wengine wakitaka kuiwahi Magharibi. Mwombe mfawidhi akuweke kabla ya kukabidhi zawadi, wala si baada yake, kwa sababu zawadi zikishatolewa kila mtu husimama kupiga picha na hakuna anayesikiliza tena. Chapa hotuba kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na uziandike namba kurasa zote. Pangaboi za ukumbini zimewapeperushia wengi karatasi. Isome kwa sauti nyumbani mara tatu ukiwa umesimama, na mara moja kati ya hizo umsomee mtu asiyejua kazi yenu. Mke wangu ndiye aliyenikatiza nilipofika kwenye lakiri, akaniuliza ni kitu gani, nami nikaongeza sentensi moja ya kuieleza.

Usimsimamishe mstaafu katikati ya hotuba wala usimtake aseme lolote ukimaliza. Mtu aliyeishi miaka 30 bila kupenda kutazamwa hatakushukuru kwa kumpa kipaza sauti. Mtazame mara mbili, unapoanza na unapomalizia, na muda uliobaki watazame wale unaowataja.

Ukishuka jukwaani, nakala uliyoisomea mpe mkononi. Nilimpa mama nakala yangu, naye hakuiweka mkobani kama nilivyotarajia. Aliikunjua palepale mezani, akatafuta cha kushikia mstari, akapata kadi ya mwaliko, akaanza kuishusha taratibu. Kadi ikasimama kwenye ukurasa wa pili.

«Hapa umegeuza,» akaniambia, akinionyesha kwa kidole. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika kwamba hati ilisema nane-tano na entri tano-nane. Hapo juu nimeiweka kama alivyoisahihisha.